Kuandaa mtindo wa vipimo katika AutoCAD kwa ramani ya nyumba kwenye karatasi ya A3

Mfano wetu ni ramani ya sakafu ya nyumba yenye urefu wa mita 13.2 na upana wa mita 9.6, iliyochorwa kwa milimita katika ukubwa wake halisi. Kwa skeli ya 1:50 nyumba hiyo itachukua milimita 264 kwa 192, na kwa kuwa A3 ina milimita 420 kwa 297, inabaki nafasi ya kutosha ya mistari ya vipimo na jedwali la jina la mchoro. Amua karatasi na skeli kabla ya kufungua kidirisha chochote, kwa sababu tarakimu zote zinazofuata hutegemea uamuzi huo.

Hatua ya 1. Anza na maandishi. Andika `STYLE`, tengeneza mtindo wa maandishi kwa fonti inayosomeka vizuri, na sehemu ya `Height` uiache 0. Ukiweka urefu wowote hapo, AutoCAD itaufuata huo na kupuuza ule utakaouweka kwenye mtindo wa vipimo, nawe utabaki ukibadilisha tarakimu bila kuona mabadiliko yoyote.

Hatua ya 2. Andika `DIMSTYLE`, chagua `ISO-25`, bofya `New` na uupe mtindo jina linalojieleza, kwa mfano `A3-50`. Usiubadilishe `ISO-25` wenyewe, ili ubaki na mahali safi pa kuanzia.

Hatua ya 3. Katika kichupo cha `Text`, chagua mtindo wa maandishi uliotengeneza na uweke `Text height` kuwa 2.5. Hizi ni milimita za karatasi, si za nyumba. Kwa A3 urefu huo unatosha, lakini kwa A1 natumia 3.5, hasa ninapojua kwamba nakala itapunguzwa: A1 ikishushwa hadi A3 kila urefu hugawanyika kwa mbili, hivyo 3.5 inabaki 1.75, ambayo bado inasomeka, ilhali 2.5 inabaki 1.25. Nimewahi kumwona fundi akiweka ukuta kwa 3800 palipoandikwa 3300, kwa sababu katika nakala iliyopunguzwa tarakimu hizo mbili zilifanana kabisa. Tangu hapo nauliza kwanza nakala itakayofika saiti itakuwa ya karatasi gani.

Hatua ya 4. Katika `Symbols and Arrows` chagua `Architectural tick`, yaani kistari cha mshazari badala ya mshale, kisha uweke `Arrow size` kuwa 1.5. Kistari hicho kitatoka na urefu wa kama milimita 2 karatasini, kikionekana wazi bila kushindana na maandishi. Mshale uliojazwa wino huhitaji nafasi zaidi, na kwenye kipimo cha ukuta wa 150, ambao kwa skeli yetu ni milimita 3 tu, mishale miwili ya 2.5 haienei ndani.

Hatua ya 5. Katika `Fit`, weka `Use overall scale of` kuwa 50. Hapo AutoCAD itazidisha kila ukubwa ulioweka, na maandishi ya 2.5 yatakuwa 125 kwenye mchoro. Usiichanganye na `Scale factor` iliyo katika `Primary Units`, ambayo lazima ibaki 1, kwani hiyo huzidisha kipimo chenyewe: ukiweka 50 huko, chumba cha 3600 kitaandikwa 180000.

Hatua ya 6. Katika `Primary Units` chagua `Decimal` na `Precision` ya 0, kwa kuwa hakuna mwashi anayejenga kwa sehemu za milimita. Hata hivyo, usahihi wa 0 huficha makosa. Tuseme vipande vitatu vilivyofuatana vina 1333.4 kila kimoja: kila kimoja kitaandikwa 1333, jumla yake ni 3999, lakini kipimo cha jumla cha 4000.2 kitaandikwa 4000. Kwa hiyo, kabla ya kuchapa, ongeza `Precision` hadi tarakimu mbili, tafuta vipimo vyenye mabaki, rekebisha mistari yenyewe, kisha urudishe 0.

Hatua ya 7. Bofya `Set Current`, kisha hakiki kwa kuandika jina la kila kigezo na kusoma thamani yake:

```
DIMTXT    2.5
DIMASZ    1.5
DIMSCALE  50
DIMLFAC   1
DIMDEC    0
```

Soma tu na ubonyeze Enter, kwa maana ukiandika thamani mpya hapo unaunda badiliko la juu ya mtindo, na vipimo vitakavyofuata havitafanana na vya mwanzo.

Wakati wa kuchapa, ondoa alama kwenye `Fit to paper` na uchague 1:50. Kisha chukua rula: ukuta wa 3600 lazima upimike milimita 72. Ukipata 70 au 71, angalia mipangilio ya printa, kwani huenda nayo inapunguza ukurasa ili uenee ndani ya pambizo zake.