Jinsi ya kuomba kanzidata mpya: viambatisho vitatu na kinachoandikwa katika kila kimoja

Idara inayotaka kanzidata mpya huleta kwetu kitengo cha TEHAMA barua moja na viambatisho vitatu: modeli ya dhana, modeli ya kimantiki na modeli ya kifizikia. Maombi mengi hurudishwa kwa sababu uamuzi umeandikwa kwenye kiambatisho kisicho chake, hata kama wenyewe ni sahihi. Mfano nitakaoutumia ni wa chama kikuu cha ushirika kinachotaka kufuatilia korosho kuanzia mizani ya AMCOS hadi malipo ya mkulima.

Hatua ya 1: Barua

Iwe ya ukurasa mmoja na ipitie kwa mkuu wa idara. Itaje maswali ambayo kanzidata itajibu, kwa mfano: "Mkulima huyu anadai kiasi gani, na korosho zake ziliuzwa mnada upi?" Usitaje programu yoyote. Mtu akianza na "tunaomba PostgreSQL", tayari amerukia kiambatisho cha tatu.

Hatua ya 2: Kiambatisho A, modeli ya dhana

Hiki huandikwa na watu wa mazao, na mkuu wao ndiye hutia saini. Kinataja vitu vinavyotunzwa kumbukumbu, namna vinavyohusiana na kanuni za kazi. Hakuna majedwali wala funguo. Karani wa mizani akisomewa, aelewe kila neno na aweze kusema "hapo si kweli".

Kwetu vitu ni sita: AMCOS, mkulima, mapokezi, shehena, ghala na mnada. Mapokezi ni tukio la mkulima kupimiwa korosho na kupewa risiti. Shehena ni mzigo wa daraja moja ambao AMCOS inaupeleka ghala kuu, na shehena moja huuzwa kwa bei moja.

Tenga muda mrefu kwa uhusiano, hasa huu: je, mapokezi mamoja yanaweza kugawanywa kwenye shehena mbili? Mtengeneza programu akikaa peke yake atajibu hapana, kwa sababu hapana ni rahisi kwake. Karani atakwambia lori likijaa, magunia yanayobaki husubiri lori linalofuata. Basi jibu ni ndiyo.

Angalia uzito wa jibu hilo. Tuseme mkulima ameleta kilo 640. Kilo 415 zimeingia shehena ya kwanza, ikauzwa kwa shilingi 2,400 kwa kilo. 225 zimeingia ya pili, ikauzwa kwa 2,310. Kabla ya makato anadai 996,000 na 519,750, jumla shilingi 1,515,750. Mfumo unaojua shehena moja tu kwa kila mapokezi ungeandika zote kwa bei ya kwanza: 1,536,000. Shilingi 20,250 zimezidi, na chama kitazitafuta bila kuziona, kwa kuwa kila jedwali litaonekana sawa. Hakuna faharasa wala seva kubwa itakayorekebisha kosa hilo.

Kanuni nyingine ya kuandika hapa: mkulima anatambuliwa kwa nini? Kwetu ni namba ya uanachama, lakini namba hiyo ni ya pekee ndani ya AMCOS yake tu. Mwanachama namba 118 yupo karibu kila chama. Namba ya NIDA ni ya pekee nchi nzima, ila si kila mkulima anaileta siku ya kwanza. Andikeni yote mawili kwa maneno ya kawaida.

Hatua ya 3: Kiambatisho B, modeli ya kimantiki

Hapa mchambuzi wa mifumo anageuza A kuwa majedwali, sifa na funguo, bila kujali ni programu gani ya kanzidata itatumika. Kinasainiwa na pande zote mbili.

Uhusiano wa wengi kwa wengi kati ya mapokezi na shehena unavunjwa kwa jedwali la kati, tuliite mgao. Kila safu yake inasema kilo ngapi za mapokezi haya ziliingia shehena ile. Kilo za mgao wa mapokezi mamoja zikijumlishwa zisizidi zilizopimwa. Kanuni hiyo iandikwe B, hata kama namna ya kuilinda itaamuliwa baadaye.

Bei ikae kwenye shehena, isikae kwenye mapokezi. Ikirudiwa kwenye kila risiti, siku ya kusahihisha mnada utabadilisha mamia ya safu na kusahau chache. Ufunguo wa mkulima ni AMCOS pamoja na namba ya uanachama. NIDA inawekwa kuwa ya pekee, lakini inaruhusiwa kuwa tupu, kwa hiyo haiwezi kuwa ufunguo mkuu.

Njia nyepesi ya kujikagua: chukua sentensi yoyote ya B ujiulize kama ingebaki kweli tukihama kutoka PostgreSQL kwenda MySQL. Isipobaki, ihamishie C.

Hatua ya 4: Kiambatisho C, modeli ya kifizikia

Hiki ni cha msimamizi wa kanzidata. Aina za data, faharasa, funguo za namba zinazozalishwa na mfumo na namna ya kutunza nakala rudufu zote ni za hapa. Sehemu ya C ya mgao kwa PostgreSQL ni hii:

```sql
CREATE TABLE mgao (
  mapokezi_id bigint NOT NULL REFERENCES mapokezi,
  shehena_id  bigint NOT NULL REFERENCES shehena,
  kilo        numeric(8,2) NOT NULL CHECK (kilo > 0),
  PRIMARY KEY (mapokezi_id, shehena_id)
);
CREATE INDEX ON mgao (shehena_id);
```

Mstari wa mwisho husahaulika sana. PostgreSQL haitengenezi yenyewe faharasa ya ufunguo wa kigeni, na faharasa ya ufunguo mkuu inaanza na mapokezi, kwa hiyo haimsaidii anayetafuta kwa shehena. Msimu ukichanganya, orodha ya malipo ya shehena moja itapekua jedwali zima.

Kilo na fedha ziwe `numeric`, zisiwe `float`, kwani `float` hukadiria desimali na jumla huja na senti zisizo na mwenyewe. Namba ya NIDA iwe maandishi. Ina tarakimu 20, wakati `bigint` inaishia kwenye tarakimu 19, yaani 9,223,372,036,854,775,807. Kama data inatoka Excel, ikague kabla ya kuipakia: Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba na kuzifanya zilizobaki sifuri. Ukiona namba za NIDA zinazoishia na sifuri tano, omba orodha upya, kwa sababu tarakimu zilizopotea hazirudishwi kwa fomula.

Mkitaka jumla ya malipo ihifadhiwe tayari ili ripoti iwe ya haraka, huo nao ni uamuzi wa C. Taja ni nini kitakachoisasisha bei ya shehena ikisahihishwa.

Hatua ya 5: Kuwasilisha, na mabadiliko baadaye

Leteni A kwanza, peke yake. Tunapitia na karani mmoja wa mizani na mhasibu mmoja, kisha ndipo B na C zinaandikwa.

Kanzidata ikishaanza kazi, ombi la mabadiliko litaje kiambatisho linaloanzia. Ripoti imekuwa nzito: ni C peke yake, na msimamizi anaweza kuongeza faharasa bila saini ya idara. Chama kimeamua kupokea ufuta pamoja na korosho: ni A, kwa hiyo B na C zifunguliwe tena na saini zianze upya, hata kama fundi atasema ni kuongeza safuwima moja tu.