Kabla ya kutumia kanuni ya L'Hôpital kwenye 0/0

Kanuni yenyewe ni fupi. Una sehemu f(x)/g(x), na x inapokaribia a, juu panakwenda 0 na chini panakwenda 0. Tafuta derivativu ya juu peke yake na derivativu ya chini peke yake, kisha tazama kikomo cha f′(x)/g′(x). Kikipatikana, hicho ndicho kikomo cha sehemu uliyoanza nayo. Wengi hawakosei derivativu. Wanakosea kwa kuruka masharti, kwa hiyo masharti ndiyo ya kukagua kwanza.

Anza kwa kuweka x = a juu na chini, na uandike matokeo yote mawili kwenye karatasi, usiyapitie kichwani tu. Yakiwa 0 na 0, endelea. Kama chini si 0, jibu umeshalipata kwa kuweka namba tu, na kanuni haina kazi hapo. Kama juu si 0 lakini chini ni 0, hakuna kikomo chenye thamani ya kawaida: sehemu inakua bila mwisho, kwa upande wa chanya au wa hasi, na kanuni ukiilazimisha itakupa namba ya uongo.

Ukaguzi huo si wa mara moja. Unarudiwa kabla ya kila mzunguko wa derivativu, na hapa ndipo alama nyingi za mtihani hupotea. Chukua (1 − cos x)/(x² + x), x ikikaribia 0. Juu 0, chini 0, sawa. Derivativu zinatoa sin x/(2x + 1). Weka 0: juu ni 0, chini ni 1, kwa hiyo kikomo ni 0 na kazi imeisha. Aliyezoea kuendelea mpaka x itoweke atachukua derivativu tena, apate cos x/2, na kuandika 1/2. Hakuna hatua ya hesabu iliyokosewa, ila hakukuwa na 0/0 ya kuruhusu mzunguko wa pili. Ukijaribu x = 0.01 kwenye sehemu ya mwanzo utapata takriban 0.005, mbali kabisa na 1/2.

Kosa la pili kwa wingi ni kuchanganya kanuni hii na kanuni ya mgawanyo. Kanuni ya mgawanyo hutafuta derivativu ya sehemu nzima, wakati hapa tunalinganisha kasi mbili: juu panaondoka 0 kwa kasi gani, na chini kwa kasi gani. Kwa (e³ˣ − 1)/x, x ikikaribia 0, derivativu ya juu ni 3e³ˣ na ya chini ni 1, hivyo kikomo ni 3. Anayetumia kanuni ya mgawanyo atajikuta na (3xe³ˣ − e³ˣ + 1)/x², ambayo nayo ni 0/0, na akivumilia mpaka mwisho atapata 9/2. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukikuta asili yako imepandishwa kipeo cha pili, umeshika kanuni nyingine.

Kabla ya derivativu, jiulize kama aljebra inatosha. (x² − 9)/(x − 3) inafutika na kubaki x + 3. Kanuni inalipa pale ambapo vigawo havionekani. L'Hôpital alipoichapisha mwaka 1696 (aliyeigundua ni mwalimu wake, Johann Bernoulli), mfano wake ulikuwa wa mizizi ya namna hiyo. Ukiweka a = 1 unakuwa hivi, x ikikaribia 1:

(√(2x − x⁴) − ∛x) / (1 − x^(3/4))

Kuivunja kwa mkono ni mateso. Kwa derivativu, juu panatoa −1 − 1/3 = −4/3, chini panatoa −3/4, na jibu ni 16/9.

Aljebra inahitajika pia katikati ya kazi. Tafuta kikomo cha (tan x − x)/(x − sin x), x ikikaribia 0. Ni 0/0. Mzunguko wa kwanza unatoa (1/cos² x − 1)/(1 − cos x), ambayo bado ni 0/0. Wengi hukimbilia mzunguko wa pili hapo hapo, na kila derivativu inarefusha karatasi. Simama kwanza. Juu ni (1 − cos² x)/cos² x, na 1 − cos² x ni (1 − cos x)(1 + cos x). Kigawo 1 − cos x kinafutika juu na chini, unabaki na (1 + cos x)/cos² x. Weka 0: jibu ni 2, kwa mzunguko mmoja tu.

Kuna sehemu ambazo kanuni inazidi kuziharibu. e^(−1/x)/x, x ikikaribia 0 kutoka upande wa chanya, ni 0/0 halali, lakini derivativu inatoa e^(−1/x)/x², na inayofuata ni mbaya zaidi. Ukiona kipeo cha chini kinapanda badala ya kushuka, acha. Weka t = 1/x, sehemu inakuwa t/eᵗ huku t ikikua bila mwisho. Kanuni inakubali pia umbo hilo la ∞/∞, na inatoa 1/eᵗ, yaani 0.

Sharti linalosahaulika zaidi ni kwamba kikomo cha f′/g′ lazima kiwepo. Kisipokuwepo, kanuni haikuambii chochote. Haisemi kwamba kikomo cha mwanzo nacho hakipo. Tazama x² sin(1/x)/sin x kwenye 0. Juu ya derivativu unapata 2x sin(1/x) − cos(1/x), na chini cos x. Kipande cha cos(1/x) kinayumba kati ya −1 na 1 bila kutulia. Lakini sehemu yenyewe unaweza kuiandika (x/sin x) · x sin(1/x): cha kwanza kinakwenda 1, cha pili 0, na kikomo ni 0. Pia g′(x) isiwe 0 karibu na a, ingawa kwenye a penyewe inaruhusiwa.

Sin x/x ina tatizo lake. Kanuni inatoa 1, na 1 ni sahihi, ila derivativu ya sin x yenyewe imethibitishwa kwa kutumia kikomo hicho. Ukiulizwa kuthibitisha, hoja hiyo inazunguka na haikubaliki. Ukiulizwa thamani tu, hakuna shida.

Mwisho, pima jibu kwa kikokotoo. Kwa mfano wa tan hapo juu, x = 0.1 inatoa takriban 2.009, inaafikiana na 2. Usichague x ndogo mno: kwa 0.00000001 tofauti ya x na sin x ni ndogo kuliko tarakimu ambazo kikokotoo kinaweza kuhifadhi, kitaiona ni 0 na kutoa kosa la kugawanya. Na kama kwa 0.1 umepata karibu −1, jibu lako la 2 halina hitilafu. Kikokotoo kiko kwenye nyuzi badala ya radiani.