SOMO: Kuwatumia wateja wa saluni SMS za pamoja bila kuwachosha

Wadau, niliahidi kueleza ninavyofanya hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kosa langu la kwanza nililifanya siku moja tu. Nilikusanya namba 300, nyingine kutoka kwenye miamala ya malipo ya simu, nikawatumia wote ofa moja yenye emoji ya kiua kizuri mwishoni. Waliokuja hawakufika watano. Mmoja alipiga kuuliza namba yake nimeitoa wapi, nikakosa jibu.

1. Ridhaa kwanza

Kwenye daftari la saluni weka swali linalojitegemea: "Tukukumbushe kwa SMS muda wa nywele zako ukifika? Ndiyo / Hapana", kisha tarehe na sahihi. Mteja aliyekupa namba umpigie foleni ikifika hajakuruhusu kumtumia matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo alilozitolea. Namba za miamala achana nazo kabisa.

2. Orodha

Ihamishe kwenye Excel hivi:

```
simu,jina,kazi,tarehe,ridhaa
2557XXXXXXXX,Dada Neema,rasta,2025-03-04,2025-03-04
```

Safu ya simu igeuze kuwa `Text` kabla hujaandika. Usipofanya hivyo, 07 inapoteza sifuri yake, au namba ndefu inageuka kitu kama `2.55755E+11`, na ukihifadhi hivyo namba ndiyo imekwenda. Kwenye safu ya jina andika mtu anavyoitwa pale saluni. Mama mtu mzima wa Uyole ukimwita "Dada" kwenye SMS atajua ni mashine.

3. Tuma kwa tarehe ya nywele zake

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Rasta za wiki 6 zimeanza kulegea, na mwenyewe ameshaanza kuwaza kufumua. Ukimkumbusha wiki hiyo unamsaidia. Ukimkumbusha wiki ya pili unamsumbua. Kwenye safu ya F weka:

```
=D2+42
```

Dada Neema alisuka Machi 4, kwa hiyo inatoka Aprili 15. Kila Jumatatu mimi nachuja wanaoangukia wiki hiyo na wenye tarehe kwenye safu ya ridhaa tu, huwa ni watu wachache, nawatumia saa 4 asubuhi. Ujumbe wenyewe:

```
Dada Neema, rasta zako zina wiki 6 leo. Jumanne na Jumatano hatuna foleni, kufumua na kuosha 8,000. Nafasi: 07XXXXXXXX. Hutaki SMS hizi? Tuma ACHA namba hiyo.
```

Hesabu: herufi 158 pamoja na nafasi. SMS moja inabeba 160, kwa hiyo Neema yuko salama. Lakini "Josephine" ana herufi nne zaidi, inakuwa 162, na hapo unalipia SMS mbili. Nilifuta neno "leo" na nafasi yake, wa Josephine ukawa 158. Kila mara jaribu na jina refu kuliko yote kwenye orodha yako.

Kile kiua changu nacho kilikuwa na bei. Emoji moja inashusha kikomo kutoka 160 hadi 70, na ujumbe ukivuka hapo kila kipande kinabeba 67 tu. Ujumbe wangu wa herufi 150 ukawa vipande vitatu. Tuseme SMS ni shilingi 20: watu 300 badala ya 6,000 wanakula 18,000. Alama za usemi zilizojipinda, ukinakili kutoka Word, zinaleta balaa hilohilo.

MASWALI

Mdau wa Kihesa, Iringa: Kwa nini usiandike tu "Jibu ACHA"?

Kwa sababu ujumbe unatoka kwa jina la saluni (`Sender ID`, mwisho herufi 11), na jina halijibiwi. Mteja akijaribu, haifiki. Ndiyo maana naweka namba ya simu ya saluni. Akituma ACHA, nafuta tarehe kwenye safu ya ridhaa siku hiyohiyo, ila jina nalibakiza, msaidizi asije akamwingiza upya.

Msusi wa Njombe: Nitajuaje kama zimefika, dada?

Fungua ripoti kwenye mfumo unaotumia kutuma SMS. `DELIVRD` imefika kwenye simu. `EXPIRED` mara nyingi simu ilizimwa au haikuwa na mtandao mpaka muda ukaisha. Namba moja ikikuletea `UNDELIV` mara tatu, itoe.

Mama Tukuyu: Wateja wangu wa dawa na matibabu ya mba niwaandikieje?

Mama, SMS inatokea kwenye kioo cha simu hata ikiwa imefungwa, na mume au bosi anasoma. Mba usiitaje, wala wigi. "Muda wako wa saluni umefika" inatosha, yeye anajua alichokuja kufanya.

Mdau wa Sae: Na Juni hii ya baridi, unabadilisha chochote?

Saa tu. Nasogeza hadi saa 6 mchana, jua likishatoka. Ukimtajia mtu wa Mbeya habari ya kuosha kichwa asubuhi ya Juni, ACHA yako unaipata kabla ya chai.