Kabla hujaweka sabtaito kwenye mahojiano ya Kiswahili mchanganyiko, angalia haya

Kwanza toa sauti kwenye vidio ghafi, kabla hujakata wala kuweka mziki. Pili, iambie Whisper, ile programu inayogeuza sauti kuwa maandishi, kwamba lugha ni Kiswahili, usiiache ikisie, maana inakisia kwa sekunde 30 za mwanzo tu na mtangazaji akifungua na salamu za Kizungu inaweza kuamua faili zima ni Kiingereza.

```
ffmpeg -i mahojiano.mp4 -ac 1 -ar 16000 sauti.wav
whisper sauti.wav --model medium --language sw --initial_prompt "ubwiriunga, mabibo, spreyi, Tandahimba" --output_format srt
```

Hayo maneno kwenye initial_prompt ni majina na maneno ya mkopo unayojua yatatajwa. Yanasaidia zaidi mwanzoni mwa faili, huko mbele usiyategemee.

Sasa hili la tatu lishike vizuri. Nilimrekodi mzee mmoja wa Tandahimba anaelezea dawa ya mikorosho, akasema "hatuspreyi mvua ikinyesha". Mimi nilikuwa nimeshakata klipu, mkato ukala ile "ha" ya mwanzo, maandishi yakatoka "tuspreyi mvua ikinyesha". Nikayasoma, sentensi imenyooka, nikapitisha. Shangazi yangu Newala ndo akanipigia, "We mwanangu, nani kakwambia dawa inapigwa mvua inanyesha? Si inaoshwa yote!" Mkulima angefuata ile sabtaito angepoteza dawa na ugonjwa wa ubwiriunga ungebaki palepale kwenye maua.

Baadae ndo nikaelewa kwanini jicho halikukamata. Kitenzi chetu cha kawaida kikikanushwa wakati uliopo kinabadilika mwanzo na mwisho, tunapuliza, hatupulizi, kwahiyo hata "ha" ikipotea inabaki "tupulizi" na unashtuka mwenyewe kuwa hapa kuna kitu. Spreyi tayari inaishia na i, haibadiliki, kukanusha kote kumebebwa na hiyo "ha" peke yake, ikimezwa inabaki "tuspreyi" ambayo ni Kiswahili sahihi kabisa chenye maana ya kinyume. Meneji, cheki, editi, zote ziko hivyohivyo.

Kwahiyo usisahihishe kwa kusoma tu. Fungua ile srt, tafuta kila kitenzi cha mkopo, rudi nyuma sekunde mbili kabla ya muda ulioandikwa usikilize kwa hedifoni, spika ya simu haitoshi hasa kama nyuma kuna bomba la dawa linanguruma. Ukisikiliza mara tatu bado huna uhakika mpigie aliyesema umuulize.

Neno la mkopo chagua tahajia moja uende nayo mpaka mwisho, sio spreyi hapa sprei kule. Pale palipokuwa kimya au mziki mtupu angalia pia, mashine huwa inatunga sentensi ambayo hakuna aliyeisema, ifute. Na sabtaito usizichomee ndani ya vidio, mimi nilichomea ikabidi nieksipoti upya yote kwa ajili ya silabi moja, acha srt ikae pembeni na sauti ghafi usiifute hata kama simu imejaa.