SOMO: Barua ya mapendekezo imepoa? Namna ya kuitia uhai bila kumpamba mtu

Wakuu habarini. Naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena niwe naelekeza huku tu, maana wiki hii peke yake nimeletewa barua nne za "hebu iangalie mbona imepoa" na zote nne zina ugonjwa uleule, sifa kibao ila mtu mwenyewe haonekani. Mimi ni msimamizi wa stoo, nimeandikia vijana wengi barua za kazi na za masomo, na nimekaa pia kwenye kamati inayozisoma, kwa hiyo ninachosema nimekiona pande zote mbili.

Hatua 1. Mwombe tangazo la nafasi, sivii yake na tarehe ya mwisho.

Hatua 2. Jiulize kama kuna tukio hata moja ulilomwona nalo kwa macho yako. Kama hakuna, mwambie mapema atafute mwingine.

Hatua 3. Sentensi ya kwanza iseme unamjua kama nani, kwa muda gani na mlikuwa mnaonana kiasi gani. "Nimemsimamia kwa miezi 11, tukifanya kazi chumba kimoja kila siku." Hayo mambo ya "ni heshima na furaha kubwa kwangu" msomaji anayaruka, ameshayasoma kwenye barua kumi zilizotangulia.

Hatua 4. Sifa moja, tukio moja. Hapa ndipo uhai wa barua unapotoka. Nawapa mfano wangu wa binti aliyekuwa chini yangu stoo akaomba nafasi ya kusomea ugavi. Rasimu yangu ya kwanza ilisema hivi:

"Ni mchapakazi, mwaminifu, mwangalifu na mwenye uwezo mkubwa wa uchambuzi."

Hakuna uongo hapo. Lakini sentensi hiyo unaweza kumbandika mtu yeyote na ikakaa. Nikajiuliza, mimi niliona nini mpaka nikamwita mwangalifu? Nikakumbuka siku yenyewe, nikaandika:

"Mwezi wake wa pili aliniletea karatasi yenye bidhaa 14 ambazo idadi yake kwenye leja haikulingana na iliyopo rafuni. Sikuwa nimemtuma. Alikuwa ameshafuatilia na kugundua kwamba 9 kati ya hizo zilitolewa saa ya chakula cha mchana, wakati mwandishi wa leja hayupo. Alipendekeza daftari la kusaini likae mlangoni. Tulilianza wiki iliyofuata, na hesabu ya mwezi uliofuata ilikuwa na tofauti 3. Baada ya hapo nilimkabidhi ufunguo wa stoo ya pili, ambao kabla yake nilikuwa naushika mwenyewe."

Neno mwangalifu halipo tena na bado hakuna atakayesoma hapo asilifikirie. Ila angalieni sentensi ya mwisho, ile ya ufunguo, hiyo ndiyo iliyoifanya barua isiwe imepoa. Haimsifii hata kidogo, inasema tu MIMI nilifanya nini kwa sababu yake. Msomaji anajua mtu hampi kila kijana ufunguo. Kwa hiyo ukitaka mapenzi yako kwa huyo mtu yaonekane acha kuongeza "sana" na "mno", tafuta ulichobadilisha wewe: ulimwachia kazi gani, ulimtuma aende kwa niaba yako wapi, ulimwomba awafundishe wengine nini.

Na muone nilipoishia. Sikusema "alikomesha upotevu". Mwezi mmoja wa hesabu nzuri hautoshi kusema hivyo, na mwezi huo mizigo nayo ilikuwa michache. Nikaandika tofauti 3, nikanyamaza.

Hatua 5. Pima kitenzi. Hii niliiharibu mwenyewe na nataka muisome polepole. Kuna kijana alikuwa kwenye timu ya watu watano iliyohamisha rekodi zetu kutoka kwenye makaratasi kwenda kwenye kompyuta, kazi yake ilikuwa kuhakiki, kila kilichoingizwa anakilinganisha na karatasi. Nilimpenda yule kijana, nikaandika "aliongoza mradi wa kuhamisha rekodi". Neno moja tu. Akaitwa kwenye intavyuu, wakamuuliza kazi aliigawaje na mtu akichelewa alikuwa anamfanyaje, naye kwa kuwa ni mkweli akasema hakuwa kiongozi. Swali lililofuata likawa kama alimwomba msimamizi wake aandike hivyo. Nafasi hakupata. Siwezi kusema ni kwa sababu hiyo peke yake, ila najua dakika zile alizitumia kujisafisha kwa kosa langu, na kinachoniuma ni kwamba alichokifanya kweli kilitosha kabisa, kuhakiki maelfu ya mistari bila kuchoka ni jambo la kuandikwa jinsi lilivyo.

Maangalizo:
- Alibuni, aliongoza, aliratibu, alishiriki, alisaidia: hivyo ni vitenzi vitano vyenye maana tano. Kabla hujatuma jiulize, akiambiwa "tueleze ulivyofanya", atakuwa na cha kusema?
- Kinyume chake pia ni kosa. Kama kazi aliifanya peke yake halafu ukaandika "alisaidia", umempunja.
- Muulize matukio yenyewe kwa simu, sio lazima umsomee barua. "Zile bidhaa zilikuwa 14 au 15?" Kumbukumbu yako haina ukamilifu unaodhani inayo.

Hatua 6. Ukimlinganisha na wengine, taja wangapi. "Kati ya vijana 23 niliowasimamia, yeye ni mmoja wa wawili niliowaachia ufunguo" ina uzito kuliko "bora kuliko wote", kwa sababu inapimika. Kama umesimamia watatu tu, sema watatu au usilinganishe.

Hatua 7. Ukurasa mmoja, saini, namba ya simu inayopatikana.

Maswali karibuni.

---

Kijana_wa_Leo: Mkuu somo zuri, ila naomba unitumie sampo nibadilishe jina tu nina haraka deadlaini ni kesho

Mwandishi: Sampo ya kubadilisha jina ndiyo ugonjwa wenyewe ninaouandikia hapo juu. Rudi hatua ya 4.

Kijana_wa_Leo: Sasa si ndo nimesema nina haraka

Mwandishi: Tukio moja, sentensi tano. Dakika ishirini.

Bwana_Nyundo: Mi sikubaliani. Kila mtu anapamba, we ukiandika ukweli mtupu mtu wako anaonekana dhaifu kuliko wenzake. Unamponza.

Mwandishi: Sijasema uandike kwa upole, nimesema uandike ulichokiona. Kwenye kamati tukiwa na barua 40 mezani na 30 zinasema "wa kipekee", hilo neno linakuwa halina kazi tena. Iliyokuwa inabaki kichwani ni ile yenye ufunguo, yenye daftari la mlangoni. Na yule kijana wangu nilimpamba, nimeshaeleza kilichompata. Kama una mfano wa barua iliyopambwa ikambeba mtu hadi baada ya maswali, lete tuusome.

Ticha Mama Neema: Shikamoo mwandishi. Mimi nafundisha darasa la watu 90, anakuja mwanafunzi anataka barua, jina nalijua, alama ninazo, tukio sina kabisa. Nimkatalie? Naona vibaya maana hana mwalimu mwingine anayemjua zaidi yangu.

Mwandishi: Marahaba mwalimu, swali zuri sana hili. Usimkatalie bado. Mwambie akuletee kazi mbili ulizomsahihishia, moja aliyofanya vibaya na moja ya baadaye aliyofanya vizuri. Soma maandishi yako mwenyewe ya kalamu nyekundu, hapo tukio lipo ila limelala. Labda kwenye ya kwanza uliandika "hoja haina ushahidi", na kwenye ya pili unakuta kila hoja ameitafutia ushahidi. Basi andika hivyo hivyo: "Mwezi wa tatu nilimwandikia kwamba hoja zake hazina ushahidi. Kwenye insha iliyofuata kila aya ilikuwa nao." Huo ni ushahidi kwamba mtu akirekebishwa anarekebika, na kamati za masomo zinalitafuta hilo. Halafu kuwa wazi kuhusu mipaka, "darasa lilikuwa la watu 90, namfahamu zaidi kupitia kazi zake za maandishi". Sentensi hiyo haimpunguzii, inafanya yaliyobaki yaaminike. Kuhusu tabia yake na wenzake, kama hukuiona usiiguse.

Ticha Mama Neema: Kumbe kalamu nyekundu! Asante, Mungu akubariki.

Mdau_Kimya: Udhaifu je? Fomu niliyonayo ina kisanduku kinauliza mahali anapohitaji kukua, nikiandika ukweli si namharibia?

Mwandishi: Andika kitu cha kweli, kidogo, na umalizie na ulichokiona akikifanyia kazi. Kwa yule binti niliandika: "Mwanzoni alikuwa anasubiri awe na uhakika wote ndipo aseme. Nilimwomba anieleze mapema hata kama hesabu haijakamilika, na miezi ya mwisho alikuwa anafanya hivyo." Usiandike ule udhaifu wa kujifanya, "anafanya kazi kupita kiasi". Na kisanduku ukikiacha wazi watakijazia wenyewe.

Dada Rehema: Niongezee kitu wadau. Kuna utafiti wa Trix na Psenka wa 2003, walisoma barua zaidi ya 300 za madaktari waliokuwa wanaomba kufundisha kwenye chuo kimoja cha udaktari Marekani. Za wanawake zilikuwa fupi kwa wastani, zilitumia zaidi maneno kama "anajituma", na zilikuwa na sentensi nyingi zaidi za kutia shaka. Tangu niusome, nikimaliza barua ya msichana naisoma tena nikiweka jina la mvulana, nikiona imekuwa ya ajabu najua nimekosea wapi.

Mwandishi: Dada umenifundisha, hilo la kubadilisha jina naanza leo. Na hizo sentensi za kutia shaka wengi tunaziandika bila kujua: "sina malalamiko naye", "naamini ataweza", "kwa uzoefu wake mdogo amejitahidi". Nimeifungua ile barua ya binti wa stoo sasa hivi, nimekuta "anajituma" mara mbili.

Bwana_Nyundo: Sawa nimeelewa. Mimi kijana wangu ni wa gereji, alikuwa anaandika kila gari lililorudi na tatizo lilelile, nilikuwa sijawaza kuiweka hiyo.

Mwandishi: Iweke. Magari mangapi, na wewe ulifanya nini ulipoliona hilo daftari?

Bwana_Nyundo: 6. Niliacha kununua zile breki pedi.

Mwandishi: Hiyo ndiyo sentensi yako ya mwisho kwenye ile aya.