Artesuneti ya sindano kwa mtoto: kutoka kilo hadi mililita

Wanafunzi wengi wodini huzidisha kilo kwa miligramu bila shida. Wanapotea wanapofika kwenye mililita, na artesuneti ya malaria kali ndiyo inayowapoteza zaidi.

Hatua ya 1: Mpime mtoto kwa mizani leo. Usinakili uzito wa kadi ya kliniki ya miezi iliyopita, wala usikisie kwa umri.

Hatua ya 2: Tafuta miligramu. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20, miligramu 2.4. Wetu ana kilo 14:

```
14 × 3 = 42 mg
```

Usishtuke ukiona mtoto wa kilo 19 anapata 57 na wa kilo 20 anapata 48. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu miili ya watoto wadogo hubakiwa na dawa kidogo zaidi kwenye damu kwa dozi ileile ya kila kilo.

Hatua ya 3: Jua dawa uliyochanganya ina nguvu gani. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti iliyo kwenye boksi lake. Kwa sindano ya mshipa, ongeza mililita 5 za maji ya chumvi ya 0.9%. Hapa ndipo kosa kubwa lilipo: mwanafunzi anagawa 60 kwa 5, anapata 12, na kuisahau ile mililita ya kwanza. Jumla ni 6:

```
60 ÷ 6 = 10 mg/ml
```

Kwa sindano ya msuli huongezwa mililita 2 tu, jumla 3, hivyo kila mililita ina miligramu 20.

Hatua ya 4: Gawa.

```
Mshipa: 42 ÷ 10 = 4.2 ml
Msuli:  42 ÷ 20 = 2.1 ml
```

Jedwali la dawa hii hupandisha jibu hadi mililita kamili inayofuata, kwa hiyo utakuta 5 na 3. Wodini fuata jedwali. Hesabu yako ni ya kulihakiki.

Hatua ya 5: Rudi nyuma kabla ya kuchoma. Zidisha mililita ulizovuta kwa nguvu ya dawa, kisha gawa kwa kilo. Aliyetumia 12 atavuta mililita 3.5, ambazo kweli ni miligramu 35, yaani 2.5 kwa kilo. Aliyechanganya ya mshipa akavuta 2.1 atampa mtoto 21, nusu ya dozi, na vimelea huenda vikabaki. Jibu likishuka chini ya 3 kwa mtoto huyu, usichome. Anza tena hatua ya 3.

Dozi hiyo hurudiwa baada ya saa 12 na saa 24, kila mara kwa kichupa kipya. Dawa iliyochanganywa na kupita saa moja hutupwa.