Somo: mchoro wa mnyoo wa ini wenye nafasi wazi, jaza wiki kwanza halafu majina

Haya wadau, leo tunachukua mchoro mmoja tu tunaumaliza, mnyoo wa ini yaani fasiola hepatika. Una wenyeji wawili, hatua nyingi, na dawa zake hazifiki kila mahali, ndo maana watahini wanaupenda. Wengi mmeshakariri mirasidia, sporosisti, redia, serkaria mpaka mnaota usiku, halafu swali linakuja "taja namba ambayo dawa hii haigusi" mnabaki mnaangalia dari. Majina ni maksi za bure, maksi ngumu ziko kwenye mishale.

Hatua ya 1: gawa karatasi kabla ya kuchora

Chora duara kubwa halafu weka maeneo matatu: ndani ya mnyama (kondoo au ng'ombe), nje kwenye maji na nyasi, na ndani ya konokono. Sasa panga namba kuzunguka duara. Namba 1 mnyoo mkomavu, 2 yai, 3 mirasidia, 4 sporosisti, 5 redia, 6 serkaria, 7 metaserkaria, 8 mnyoo mchanga. Namba 8 na 1 ziko ndani ya mnyama, 4 na 5 ndani ya konokono, zilizobaki ziko nje, ingawa serkaria anatengenezwa ndani ya konokono kisha anatoka. Ukipewa mchoro wa mtahini wenye nafasi wazi, kitu cha kwanza ni kutafuta mipaka ya haya maeneo matatu, ukishaipata nafasi nyingi zinajijaza zenyewe.

Hatua ya 2: andika muda kwenye mishale

Hapa ndo msiharakishe. Yai linatoka na nyongo, linaingia utumbo, linatoka na kinyesi. Nje linahitaji unyevu na joto, chini ya nyuzi 10 linalala tu halikui, kwenye nyuzi kama 22 hadi 26 linaanguliwa kwa siku 9 hivi. Mirasidia akitoka ana kama saa 24 tu za kumpata konokono wa jamii ya limnea, akimkosa amekufa. Ndani ya konokono ni wiki 6 hadi 7 hali ikiwa nzuri, kukiwa na baridi inakwenda miezi. Serkaria anatoka, anaogelea kidogo, anajibandika kwenye jani, anadondosha mkia na kujifunika ganda, hapo ndo metaserkaria, na penye unyevu anaweza kusubiri miezi.

Mnyama akila hilo jani ganda linavunjika kwenye utumbo mdogo, mnyoo mchanga anatoboa ukuta wa utumbo, anavuka uwazi wa tumbo, ndani ya wiki moja hivi yuko kwenye ini. Halafu anakula nyama ya ini wiki 6 hadi 8 ndo aingie mirija ya nyongo na kukomaa. Mayai utayaona kwenye kinyesi kuanzia wiki ya 10 hadi 12 tangu mnyama ale. Duara zima kwa haraka kabisa ni wiki 17 au 18.

Hatua ya 3: majina

Fupi tu. Sporosisti ni kifuko kisicho na mdomo, redia ana mdomo na utumbo, serkaria ana mkia, metaserkaria hana. Ukiona mshale mmoja unagawanyika kuwa mingi uko ndani ya konokono, kwani mirasidia mmoja anaweza kuzaa zaidi ya metaserkaria 600.

Hatua ya 4: weka alama za X pa kukatia

Kati ya 1 na 2 weka X ya dawa za wakomavu, kwa mfano albendazoli, zinapunguza mayai malishoni. Kati ya 3 na 4 weka X ya konokono, yaani kukausha madimbwi na kuweka uzio sehemu chepechepe. Kati ya 7 na 8 ni kutochunga penye maji maji. Kati ya 8 na 1 weka X ya triklabendazoli, hii inawafikia mpaka wachanga kabisa. Klosanteli iko katikati, inashika vizuri wenye wiki 6 hadi 8 kwenda juu.

Hatua ya 5: swali lenyewe

Kondoo 60 walihamishiwa malisho ya kando ya kinamasi wiki 5 zilizopita. Wamekufa 8 kwa ghafla, utando wa macho mweupe. Maiti ikipasuliwa ini limevimba, lina mifereji ya damu, na tumboni kuna majimaji yenye damu. Kinyesi hakina yai hata moja. Mwenye mifugo akawapa albendazoli na vifo vikaendelea.

Wiki 5 iweke juu ya mchoro. Haijafika 10, kwa hiyo kukosa mayai hakumaanishi hakuna mnyoo, ina maana hajakomaa. Mifereji ya damu inakwambia yuko namba 8, bado anapita kwenye nyama ya ini. Albendazoli inaua namba 1, na namba 1 hapa bado hayupo. Jibu: triklabendazoli leo, na kondoo watolewe kwenye yale malisho leo hiyo hiyo, maana dawa haibaki mwilini kuwalinda, wakibaki pale wataendelea kumeza namba 7. Wengi wanaandika dawa wanasahau malisho, nusu ya maksi inapotea.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu asante, kwa nini tunaambiwa mayai haya tusiyatafute kwa njia ya kuelea kama ya minyoo mingine?

Jibu: Ni mazito, kwenye maji ya chumvi ya kawaida hayaelei vizuri, yanabaki chini na wewe unaandika hakuna. Tumia njia ya mashapo: koroga kinyesi na maji, chuja, acha itulie, mwaga ya juu, rudia mpaka maji yawe meupe, kisha angalia kilichobaki chini.

Swali: Nikiona yai lenye kifuniko nimeshamaliza, si ndo lenyewe?

Jibu: Hapana dada, la mnyoo bapa wa tumbo la kwanza nalo lina kifuniko na ukubwa wanakaribiana. Angalia rangi, la fasiola ni njano ya dhahabu, lile lingine halina hiyo njano, linaonekana jeupe. Ukiweka tone la methilini bluu njano inajitokeza vizuri zaidi.

Swali: Mchoro ukiwa wa fasiola jigantika nabadilisha nini?

Jibu: Namba zote zinabaki. Badilisha konokono, wake anaishi majini muda wote sio kwenye tope, kwa hiyo hatari iko kwenye mimea ya majini na sehemu za kunyweshea. Na muda wa kuona mayai unasogea, wiki 13 hadi 16.

Swali: Kaka hapo kwenye X ya konokono mi ningeandika dawa ya kuwaua, ni kosa?

Jibu: Sio kosa ila usiitangulize. Dawa inadhuru na viumbe wengine wa majini, na konokono wachache wakibaki wanajaza tena eneo kwa muda mfupi. Andika kukausha na uzio kwanza, dawa iwe ya mwisho na sababu yake uandike, mtahini anatafuta hiyo sababu.

Swali: Na kondoo wakipewa triklabendazoli bado wakafa?

Jibu: Anza na uzito, wengi wanakadiria kwa macho na dozi inakuwa ndogo. Kisha uliza kama walitolewa malishoni. Vyote vikiwa sawa ndo utaje usugu, upo kweli kwa dawa hii, na unaupima kwa kulinganisha mayai kwenye kinyesi kabla ya dawa na wiki 3 baada yake, ila hapo lazima minyoo wawe wamekomaa tayari. Kwa kundi la wiki 5 kipimo hicho hakikusaidii, hamna yai la kuhesabu.